Sauti ikikatika katikati ya ushuhuda: namna ya kuandaa karatasi itakayokurudisha

Kwenye mikutano ya afya ya uzazi vijijini ni kawaida kumwomba mtu aliyefikwa na jambo asimame aeleze. Muuguzi anaweza kutaja dalili za hatari kwa nusu saa na watu wakaendelea na mazungumzo yao. Akisimama mama aliyemzika binti yake, uwanja mzima unanyamaza. Shida ni kwamba mara nyingi mama huyo hafiki mwisho. Sauti inakatika, wanawake wanalia pamoja naye, mwenyekiti anasema “tumpe pole mama yetu”, anakaa chini. Watu wanarudi nyumbani wakiwa na huzuni, lakini lile aliloinuka kulisema hawakulisikia.

Makala hii ni kwa ajili ya mama huyo, na kwa muuguzi au mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayemwandaa. Haifundishi kuzuia machozi. Inaeleza jinsi ya kulia kidogo na kuendelea, na jinsi ya kuandika alama kwenye karatasi ili sauti ikipotea ujue la kufanya bila kufikiri.

Tutatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Tumeutunga, lakini mambo yaliyomo hutokea. Mama mmoja wa Kitangari, wilayani Newala, ameombwa azungumze kwa dakika tano mbele ya wajawazito na waume zao. Binti yake alijifungulia nyumbani usiku. Akatokwa na damu nyingi. Familia ikangoja kukuche, na binti akafariki ndani ya gari akipelekwa Newala.

Donge la kooni linatoka wapi

Mtu anapokaribia kulia, mwili hujiandaa kama unavyojiandaa kwa hatari. Moyo huenda mbio, na mlango wa kooni hufunguka zaidi ili hewa nyingi ipite. Ukijaribu kumeza mate au kusema wakati huo, misuli mingine inataka kuufunga mlango uleule. Mvutano huo wa misuli ndio tunaousikia kama donge. Hakuna kitu kilichokwama kooni, na kukohoa hakuondoi kitu.

Ukijua hivyo, utaelewa kwa nini mbinu fulani zinasaidia na nyingine zinaharibu. Kumeza funda dogo la maji kunasaidia, kwa kuwa tendo la kumeza linaupa mlango wa koo kazi yake ya kawaida. Kutoa pumzi polepole kunasaidia pia, maana moyo hupunguza mwendo kila tunapotoa pumzi. Vuta hewa kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita, mara mbili au tatu. Lakini kuvuta pumzi kubwa za harakaharaka, kama wengi wanavyoshauriwa na jirani aliyekaa kando, kunaleta kizunguzungu na ganzi ya vidole, na msemaji anaogopa zaidi. Kukaza meno na kujilazimisha uso usioneshe kitu nako hakupunguzi chochote. Uso unatulia, lakini ndani mwili unazidi kupanda, na kwa kawaida msemaji hupasuka sentensi mbili mbele.

Tafuta sentensi inayouma

Wengi hudhani watavunjika kwenye neno “alifariki”. Mara nyingi sivyo. Neno hilo wamelisema mamia ya mara msibani, ofisi ya kijiji, kwa kila mgeni aliyekuja kutoa pole, na limeshapata ugumu wake. Kinachovunja ni kitu kidogo ambacho hawajawahi kukisema kwa sauti: rangi ya nguo, swali aliloulizwa, maneno ya mwisho ya marehemu.

Njia ya kukipata ni moja tu, kuisimulia habari yote kwa sauti mbele ya mtu mmoja unayemwamini. Kuisoma kimoyomoyo hakutoshi, kwa sababu koo halijajaribiwa. Msikilizaji asikatishe. Ashike kalamu na kuweka nukta kila anaposikia sauti imepanda, imekuwa nyembamba, au maneno yameanza kukimbizana. Kukimbia kwa maneno ni dalili ya mapema kuliko machozi: msemaji anakaribia mahali pa moto na anataka kupita haraka.

Katika mfano wetu, mama alisimulia bila shida habari ya kujifungua, ya damu, hata ya kifo. Alikatika mahali ambapo hakupatarajia, pale binti alipoomba maji ya kunywa. Saa tisa usiku alisema, “Mama, maji.” Basi.

Hapo panahitaji uamuzi, na uamuzi ni wa mama mwenyewe. Anaweza kuliacha jambo hilo nje kabisa. Anaweza kulibakiza kwa namna nyepesi. Wanaomwandaa wasimshawishi alibakize kwa sababu “linagusa”. Kwa maoni yetu ushuhuda hauhitaji kitu kinachomuumiza msemaji zaidi ili usikilizwe. Hapa, hata hivyo, kiu ilikuwa na maana ya kitabibu. Mama anayepoteza damu nyingi huona kiu, husikia baridi, jasho jembamba linamtoka. Mama yetu akaamua libaki, kwa maneno mengine.

Maneno yenyewe na lugha yenyewe

Kuna tofauti kubwa kati ya kusema “akaniambia, Mama, maji” na kusema “aliomba maji ya kunywa”. Ya kwanza inamrudisha msemaji chumbani, anaisikia sauti. Ya pili inaeleza jambo lililopita. Hali kadhalika ukisimulia kwa wakati uliopo, “namshika mkono, wa baridi”, mwili unaitikia kana kwamba linatokea sasa. Kwa hiyo pale panapouma, tumia wakati uliopita na usiigize sauti ya marehemu. Sehemu nyingine za habari unaweza kuzisimulia kwa uhai unaotaka.

Kwa watu wa uwanda wa juu wa Makonde kuna jambo jingine ambalo wasemaji wa lugha moja hawalioni. Usiku ule ndani ya nyumba watu walizungumza Kimakonde. Mkutano unafanyika kwa Kiswahili. Watu wengi wanaojua lugha mbili huona kwamba lugha waliyoinyonya utotoni inachoma zaidi, na ile waliyojifunza baadaye inawapa nafasi ya kupumua. Msemaji anaweza kuitumia nafasi hiyo kwa makusudi: asimulie kwa Kiswahili, na maneno ya binti asiyarudie kwa Kimakonde. Kama wasikilizaji ni wazee wanaohitaji Kimakonde, basi ajue kwamba atakuwa karibu zaidi na moto. Afanye mazoezi kwa lugha hiyohiyo atakayotumia siku yenyewe. Aliyezoea kusimulia kwa Kiswahili halafu akabadilisha uwanjani anaanza upya.

Ujumbe utangulie

Hili ni la mpangilio tu, lakini linaokoa shuhuda nyingi. Watu hupenda kuweka ombi lao mwisho, baada ya habari yote. Msemaji akivunjika katikati, ombi halifiki. Liweke mwanzoni, sauti ikiwa bado nzima, kisha ulirudie mwisho ukijaliwa kufika.

Ombi la mama wetu lilianza likiwa refu: kina mama wajifungulie kituoni, waume waweke akiba ya nauli, wazee wasizuie. Alipobanwa achague moja, alisema: kanga ya pili ikilowa damu, msingoje kukuche. Kipimo hicho hakukitunga. Mkoani Kigoma wakunga wa jadi waliwahi kufundishwa kukadiria damu kwa kanga, na kanga mbili zilizolowa kabisa zilihesabiwa kuwa zaidi ya nusu lita, kiasi cha hatari. Tunaongeza tu kwamba damu ikitiririka bila kukatika, au mama akilegea, hata hiyo kanga ya pili usiingoje.

Karatasi

Andika kwa herufi kubwa, mstari mmoja uandike na mmoja uuache, upande mmoja wa karatasi. Macho yenye machozi hayaoni mwandiko mdogo. Gundisha karatasi kwenye jalada gumu la daftari, kwa sababu karatasi tupu ikitetemeka mkononi inamwambia msemaji mwenyewe kwamba anatetemeka. Alama ziwe chache, na uziandike kwa kalamu ya rangi nyingine. Sisi tunatumia nne. Mkwaju mmoja ni kusimama na kutoa pumzi. Neno MIGUU ni kukanyaga ardhi kwa nyayo zote mbili mpaka usikie uzito wako. Neno MAJI ni funda moja. Neno DARAJA linatangulia sentensi rahisi, isiyo na picha ya marehemu, ambayo ukiirukia unakuwa umevuka.

Hii ni karatasi ya mama wetu, sehemu ya kati ikiwa imefupishwa:

“Mimi ni mkazi wa hapahapa Kitangari. Nimekuja kusema jambo moja. Mama akijifungua, kanga ya pili ikilowa damu, msingoje kukuche. /

Nasema hivyo kwa sababu sisi tulingoja. /

Binti yangu alijifungulia nyumbani, saa sita ya usiku. Mtoto alitoka salama. Kondo la nyuma lilichelewa. Damu ilianza kidogo, kisha ikazidi. Tulibadilisha kanga ya kwanza, ya pili, ya tatu. Tulisema usiku huu bodaboda tutampata wapi, tungoje. MAJI

MIGUU Saa tisa aliona kiu, akaomba maji ya kunywa. Alisikia baridi. /

DARAJA Wauguzi walinieleza baadaye kwamba kiu na baridi ile ni dalili ya damu kupungua mwilini. Sisi hatukujua. /

Kulipokucha tulimfikisha kituo cha afya. Walimhudumia, wakaita gari. Alifariki kabla ya kufika Newala. / MIGUU

DARAJA Mtoto yuko hai, anatembea.

Narudia. Kanga ya pili.”

Angalia mahali neno MAJI lilipo. Mwanzoni liliandikwa baada ya sentensi ya kiu, maana ndipo koo linapofunga. Kwenye mazoezi mama aliinua kikombe, akakitazama, akashindwa kabisa. Maji yalikuwa ndiyo habari yenyewe. Likasogezwa mbele, anywe kabla hajafika hapo, na mahali pa moto akaachiwa MIGUU peke yake. Kila karatasi ikaguliwe namna hiyo: kitu unachopewa kikutulize kisiwe kitu kilichomo ndani ya kidonda. Leso ya marehemu mkononi, kwa mfano, au kiti kilichoelekezwa upande wa chumba cha kujifungulia.

Sauti ikikatika kweli

Alama zinazuia mengi, si yote. Ikikatika, funga mdomo. Usijaribu kusukuma neno lile lile lililogoma, kwa sababu litagoma tena. Toa pumzi mpaka mwisho, meza mate, sikia nyayo. Kisha usirudi kwenye sentensi iliyokuvunja. Rukia DARAJA lililo chini yake, ulisome kwa sauti ya chini kuliko kawaida yako. Sauti inapoanza chini koo linalegea, na ikianza juu linakaza. Ukimya huu wote unachukua sekunde kumi na tano hadi ishirini. Kwako utaonekana mrefu sana, kwa wasikilizaji ni mfupi.

Ukijaribu daraja mara mbili na lisikubali, mpe mwenzako karatasi. Huyu ni mtu aliyekaa au kusimama karibu nawe tangu mwanzo, ana nakala, na mmekubaliana ishara, tuseme kumgusa kiwiko. Yeye anasoma kuanzia DARAJA hadi mwisho. Wewe unabaki umesimama kando yake, hukimbilii kuketi. Watu wanaona habari imemalizika na mwenyewe yupo.

Kuwa na mtu kando si jambo la wanyonge. Afrika Kusini, Tume ya Ukweli na Maridhiano ilipoanza vikao vya hadhara huko East London mwezi Aprili 1996, mashahidi walikaa na msaidizi aliyewaandaa na kubaki nao. Nomonde Calata, mjane wa Fort Calata aliyeuawa mwaka 1985, alipokuwa akieleza alipasuka kwa kilio ambacho walioshuhudia bado wanakitaja. Askofu Mkuu Desmond Tutu alisimamisha kikao kwa muda, na kiliporejea wakaanza kwa wimbo. Kisha Nomonde akaendelea. Kikao kilikuwa kimeandaliwa ili mtu aweze kulia na bado amalize.

“Pole” na kazi ya mwenyekiti

Neno linalowavunja wasemaji wetu kuliko yote ni pole. Mtu anaweza kuhimili habari yake mwenyewe, lakini bibi wa mstari wa mbele akisema “pole, mwanangu” kwa sauti ya chini, machozi yanamwagika. Huruma huufungua mwili uliokuwa umejikaza. Si kosa la bibi, ndiyo adabu yetu, na hakuna atakayewazuia watu wasiseme pole.

Unaweza kuisogeza tu. Mwenyekiti wa mkutano aombwe kabla kusema: “Mama atatueleza, tumsikilize kwanza mpaka mwisho, pole zetu tutampa akimaliza.” Aelezwe pia kwamba mama akinyamaza asidakie, asiombe makofi, asianzishe dua. Angoje aone ishara ya kiwiko. Na pole ikipenya hata hivyo, tuna jibu lililo tayari ambalo hufunga mazungumzo hayo kwa heshima: “Asante, nimeshapoa.” Liandike juu ya karatasi. Maneno hayo mawili hutoka mdomoni bila kufikiri, na mtu akishayasema sauti imekwisha rudi.

Machozi na ganzi

Si kila anayetulia ametulia. Wapo ambao hawalii kabisa: sauti inakuwa bapa kama ya anayesoma orodha ya bei, macho yanaganda mahali pamoja, mikono inakuwa ya baridi, ukimwita hajibu mara ya kwanza. Wasikilizaji husema “mama jasiri”. Aliye kando ajue kwamba huyu ameondoka, amerudi usiku ule. Kuhesabu pumzi huku amefumba macho kunaweza kumzamisha zaidi. Mwite kwa jina analoitwa kila siku, mwombe asimame kama ameketi, mwambie ataje vitu vitatu anavyoviona: mwembe, pikipiki, mtoto mwenye fulana nyekundu. Akikutazama machoni na kukujibu, amerudi. Asiendelee na habari siku hiyo, mwenzake amalize.

Mazoezi, na nani angoje kwanza

Soma karatasi yote kwa sauti mara tano au sita, katika siku tofauti ndani ya wiki mbili. Baada ya kila mara, taja uchungu ulipofika kati ya sifuri na kumi. Kwa kawaida namba inashuka polepole, labda kutoka tisa hadi tano. Haihitaji kufika sifuri. Isiposhuka, au ikipanda kila mara, hiyo ni habari muhimu: ushuhuda ungoje. Angoje pia mtu ambaye baada ya mazoezi halali, anaota tukio usiku baada ya usiku, anakwepa mahali lilipotokea, au anafikiria kufa. Huyo anahitaji kumwona mhudumu wa afya ya akili, na kituo cha afya kinaweza kumwelekeza hospitali. Msiba wa miezi michache nao ni mbichi mno kwa jukwaa.

Siku ya mwisho kabla ya mkutano pumzika, usisome. Siku yenyewe kula kabla hujatoka. Pombe au kidonge cha kutuliza cha jirani usikubali, vinalegeza ulimi kabla ya kulegeza huzuni. Na familia ya marehemu, mume wake hasa, iwe imesikia karatasi na kuikubali. Mtoto aliyebaki asiwepo uwanjani kusikia habari ya kuzaliwa kwake kwa mara ya kwanza mbele ya kijiji.

Baada ya kushuka

Kwa saa chache baada ya kusimulia, mikono inaweza kutetemeka, kichwa kikauma, uchovu ukawa kama wa siku ya kubangua korosho. Hiyo kawaida hupita kwa kula, maji na usingizi. Asirudi nyumbani peke yake. Aliyeshika nakala amsindikize, wazungumze habari nyingine, na kesho yake apite kumjulia hali: amelala? amekula? Apite tena baada ya wiki. Kama usingizi haujarudi baada ya wiki mbili, aende naye kituoni, na asialikwe kusimulia mahali pengine mpaka hapo.

Mialiko itakuja, maana habari ikisimuliwa vizuri Kitangari, watu wa kata nyingine watamtaka. Anayo haki ya kukataa bila kutoa sababu. Akikubali, karatasi isomwe upya kwa sauti kwanza. Mahali pa moto huhama, na sentensi iliyokuwa rahisi mwezi uliopita huenda ndiyo inayohitaji alama sasa.